Akaunti Imefutwa, Anwani Bado Imeshikiliwa

Chukua chama cha akiba na mikopo ambacho mhasibu wake, awe nani, hutumia anwani moja ya ofisi: `mhasibu@example.com`. Mwezi Machi mhasibu anaacha kazi na akaunti yake kwenye mfumo inafutwa. Aprili anaajiriwa mwingine. Msimamizi wa mfumo anaingiza jina la mgeni, anaweka anwani ile ile ya ofisi, anabonyeza kuhifadhi, na mfumo unamwambia anwani hiyo ina mtu. Anafungua orodha ya watumiaji, hamwoni. Anatafuta kwa jina, anatafuta kwa anwani, patupu. Fundi akipekua kumbukumbu za seva anakuta hifadhidata, hapa PostgreSQL, imeacha neno lake:

```
ERROR: duplicate key value violates unique constraint "users_email_key"
```

Yaani thamani hiyo imo tayari, na sharti la upekee haliruhusu irudiwe. Hifadhidata inasema kweli. Aliyemficha mhasibu wa zamani ni mfumo wenyewe.

Mifumo mingi ya kazi haifuti kitu moja kwa moja. Ukibonyeza "futa", mstari wa mtumiaji unabaki palepale kwenye jedwali, ila safu moja, ambayo kwa kawaida huitwa `deleted_at`, inajazwa tarehe na saa ya kufutwa. Kwa aliye hai safu hiyo ni tupu, yaani `NULL`. Kila ukurasa wa mfumo umeelekezwa uwaonyeshe wale tu ambao safu yao ni tupu. Ni kama karani anayepiga mstari juu ya jina kwenye daftari badala ya kuchana karatasi. Na kwa chama cha mikopo kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo: mikopo aliyoidhinisha yule mhasibu lazima iendelee kuonyesha ni nani aliyeidhinisha.

Tatizo ni kwamba sharti la upekee halijui habari za `deleted_at`. Liliwekwa jedwali lilipoundwa, likaambiwa safu ya `email` isijirudie, na linahesabu mistari yote, iliyo hai na iliyofutwa.

Hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Wapo wanaoibadilisha anwani wakati wa kufuta, iwe kitu kama `futwa_57_mhasibu@example.com`. Inafanya kazi, lakini umeichafua kumbukumbu uliyoamua kuihifadhi. Wapo wanaoondoa sharti kabisa na kuiachia programu kazi ya kuangalia kwanza kama anwani ipo ndipo iandike. Hiyo ni hatari kuliko inavyoonekana. Maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja, yote mawili yataangalia, yote mawili yataona hakuna mtu, na yote mawili yataandika. Mtu akibonyeza kitufe mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua, anaweza kuyasababisha hayo peke yake.

Jaribio la tatu ndilo linalowanasa hata wazoefu, kwa kuwa lina sura ya akili. Fundi anasema: tuweke upekee kwenye safu mbili kwa pamoja, `email` na `deleted_at`. Aliyefutwa Machi ana tarehe, aliye hai hana, kwa hiyo hawagongani. Anajaribu kumsajili mhasibu mpya, inakubali, anafurahi. Amsajili basi mara ya pili, aone. Itakubali tena! Katika hifadhidata, `NULL` ni kitu kisichojulikana, na kwa kawaida visivyojulikana viwili havihesabiwi kuwa sawa. Walio hai wote wana `NULL`, kwa hiyo hakuna wawili wanaoweza kugongana. Sharti hilo linawalinda waliofutwa, ambao hawahitaji ulinzi, na kuwaacha walio hai wazi. Ndiyo maana kipimo cha suluhisho lolote hapa kiwe na sehemu mbili: msajili aliyefutwa upya, kisha msajili aliye hai mara mbili. La kwanza lipite, la pili ligome.

Kinachotakiwa ni kuiambia hifadhidata kanuni yenyewe kama tunavyoitamka: anwani isijirudie miongoni mwa walio hai. PostgreSQL inaweza kuelezwa hivyo hivyo, kwa faharasa ya sehemu:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX users_email_hai
ON users (email)
WHERE deleted_at IS NULL;
```

Kazi yote iko kwenye mstari wa mwisho. Faharasa hii inaingiza tu mistari inayotimiza sharti hilo. Mstari ukijazwa `deleted_at`, unatoka kwenye faharasa papo hapo na anwani yake inakuwa huru. Wahasibu kumi waliopita wanaweza kubaki jedwalini na anwani moja, na wa kumi na moja akawa ndiye pekee aliye hai.

Kwenye mfumo unaotumika, tengeneza faharasa mpya kwanza, ndipo uondoe sharti la zamani:

```sql
ALTER TABLE users DROP CONSTRAINT users_email_key;
```

Ukigeuza mpangilio, unaacha mwanya ambamo anwani mbili zilizo hai zinaweza kupenya, na zikishapenya faharasa mpya itakataa kujengwa. Kwa jedwali kubwa, neno `CONCURRENTLY` baada ya `INDEX` huzuia waandikaji wasisimamishwe wakati ujenzi ukiendelea.

Amri hiyo ya kuondoa ikigoma, ikidai kuna vitu vinavyolitegemea sharti, usikimbilie kuongeza `CASCADE`. Hapo umegundua jambo zito: kuna jedwali lingine, pengine la mikopo, linalomtambua mtumiaji kwa anwani yake. Faharasa ya sehemu haiwezi kuwa nguzo ya uhusiano kama huo, na ni heri iwe hivyo. Siku anwani itakapohamia kwa mhasibu mpya, mikopo yote iliyoidhinishwa na mwenzake ingeonekana ni yake. Majedwali hayo yaelekezwe kwenye `id`, namba ambayo haihami kutoka kwa mtu hadi mtu.

Hoja za kutafuta mtumiaji nazo zipitiwe. Ukurasa wa kuingia unaotafuta kwa `email` peke yake, bila `deleted_at IS NULL`, sasa unaweza kupata mistari miwili na kumchukua aliyeondoka. Tena hautatumia faharasa mpya, kwa kuwa hifadhidata huitumia pale tu hoja yenyewe inapohakikisha kwamba walio hai ndio wanaotafutwa. Hoja ikianza kwenda polepole baada ya mabadiliko haya, anza kuchunguza hapo.

SQLite inakubali amri ile ile, na SQL Server ina faharasa ya namna hiyo pia. MySQL haina. Huko watu hutengeneza safu inayojikokotoa, inayobeba anwani mtu akiwa hai na kuwa `NULL` akifutwa, kisha wanaweka upekee juu yake. Tabia ya `NULL` iliyokuwa adui inageuka kuwa msaada.

Linabaki swali la kurudisha. Mhasibu wa zamani anaajiriwa upya, msimamizi anabonyeza "rejesha", na mfumo unajaribu kuifanya `deleted_at` yake iwe tupu. Anwani sasa ina mwenyewe, kwa hiyo hifadhidata inagoma kwa namba ya kosa `23505`, ile ile ya mwanzo, na safari hii imefanya sawasawa. Programu iipokee namba hiyo, imweleze msimamizi ni nani anayeishikilia anwani, kisha impe nafasi ya kumwekea anayerudi anwani nyingine kabla ya kumrejesha.