Kwenye mahojiano ya kazi, "mtu wa kwetu" anapata maswali mepesi

Tuchukue mfano: shirika moja la Bukavu linatafuta mtunza depo. Kandida wa kwanza anaingia, anasalimia kwa lugha ya kijijini kwa shefu. Kumbe walisoma na shule moja! Mazungumzo yanakuwa matamu, maswali mepesi. Wa pili anaingia amelowa mvua, sauti inatetemeka. Yeye anabanwa, na kila kosa linaonekana. Shefu hakukusudia ubaya, ila dakika za kwanza zimeshaamua.

Komite inaweza kujizuia hivi. Mbele ya siku ile, andikeni maswali ya kazi yenyewe: "Fishi inaonyesha mifuko 80, depo iko na 74. Unafanya nini?" Andikeni pia jibu la alama 5 liko namna gani, na la 1. Wote waulizwe yaleyale. Jibu likiisha, kila mmoja anaandika alama yake palepale, kimya, maana shefu akisema wa kwanza wengine watamfuata tu. Alama zikiachana sana, kila mtu aeleze alisikia jibu gani. Mwenye kusema "alinipendeza tu" hakupima kazi.

Lakini kama walioitwa wote ni ndugu na marafiki, karatasi ya alama haitasaidia kitu.