Umelipa, Muuzaji Anasema Bei Ilikosewa: Haki Yako Inaishia Wapi?

"Ndugu mteja, tunasikitika kukujulisha kwamba oda yako imefutwa. Bei iliyoonekana mtandaoni ilikuwa na makosa. Pesa yako itarudishwa." Ujumbe wa namna hii huja wakati mtu ameshalipa, ameshapata namba ya muamala na pengine ameshamwita fundi aje kupima pa kuweka friji. Jambo la kwanza analosema mnunuzi ni kwamba amelipa, kwa hiyo mali ni yake. Muuzaji naye anajibu kwamba kosa ni kosa, hakuna anayelazimishwa kuuza kwa hasara. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Tuanze na bei yenyewe. Kwa sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, bidhaa iliyopangwa rafuni au kuwekwa mtandaoni na bei yake bado si ahadi ya kuuza. Ni mwaliko kwa wateja waje waseme wanataka kununua. Mnunuzi anapobonyeza kitufe cha kununua ndipo yeye anapotoa ombi, na mkataba huzaliwa muuzaji anapolikubali. Ndiyo maana swali la kwanza ni kama muuzaji alikubali, na alikubali kwa maneno gani.

Hapo pana tofauti kubwa kati ya duka na duka. Kuna maduka ya mtandaoni yanayoandika kwenye masharti yao kwamba ujumbe wa kwanza ni wa kukiri tu kuwa oda imepokelewa, na kwamba mkataba utakuwepo mzigo utakapotumwa. Duka la namna hiyo likifuta oda kabla ya kutuma mzigo linasimama mahali pazuri kisheria, hata kama pesa imeshakatwa. Mengine hayana masharti yoyote, na ujumbe wao unasema waziwazi: "Oda yako imethibitishwa, malipo yamepokelewa, mzigo utakufikia Alhamisi." Aliyeandika hivyo amekubali. Na yule anayeuza kwa Instagram au WhatsApp, akikwambia "tuma hela kaka, nakuwekea," kisha akajibu "nimeipata, kesho boda anakuletea," naye amekubali, hata kama hajui kwamba ameingia mkataba.

Mkataba ukishakuwepo, je, kosa la bei linauvunja? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatofautisha makosa ya aina mbili. Pande zote mbili zikikosea kuhusu jambo la msingi, makubaliano ni batili. Lakini kifungu cha 22 kinasema mkataba haubatiliki kwa sababu tu upande mmoja ulikosea kuhusu jambo la ukweli. Kwa hiyo muuzaji aliyeandika bei vibaya, wakati mnunuzi aliiamini kwa nia njema, hawezi kujitoa kwa kusema tu kwamba alikosea.

Tatizo linakuja pale mnunuzi alipojua. Kesi inayotajwa sana katika jambo hili ilitokea Singapore, nchi ambayo nayo ilirithi sheria ya Kiingereza. Januari 2003, duka la mtandaoni la Digilandmall liliweka mashine ya kuchapishia ya leza aina ya HP kwa dola 66 za Singapore. Bei yake halisi ilikuwa dola 3,854. Kosa lilifanywa na mfanyakazi aliyekuwa kwenye mazoezi ya kutumia mfumo mpya, na takwimu za majaribio zikaingia kwenye tovuti halisi. Habari zikasambaa usiku, na kabla duka halijashtuka asubuhi watu zaidi ya 700 walikuwa wameagiza mashine zaidi ya 4,000. Mfumo ulimjibu kila mmoja wenyewe, bila mtu kuangalia, kwamba ununuzi wake umefanikiwa.

Duka lilipokataa kutoa mashine, wanunuzi sita walikwenda mahakamani. Kati yao waliagiza mashine 1,606. Ukizidisha, walitarajia kulipa kama dola 106,000 kwa mali ya zaidi ya dola milioni sita. Mahakama ilikubaliana nao kwenye hoja moja muhimu: majibu yale ya mfumo yalikuwa kukubali oda, hata kama hakuna binadamu aliyeyaandika. Lakini walishindwa kesi. Mazungumzo yao ya usiku ule yalisomwa mahakamani, na yalionyesha watu waliokuwa wakiambiana na kuulizia bei ya mashine ile sokoni, huku wakiharakisha kuagiza kabla kosa halijagunduliwa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2004, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2005, kwamba anayenyakua bei huku akijua mwenzake amekosea hapati mkataba wa kuulinda.

Linganisha na kilichotokea Uingereza mwaka mmoja kabla. Kampuni ya Kodak iliweka kamera ya kidijitali mtandaoni kwa pauni 100 badala ya pauni 329, tena ikionekana kama ofa maalumu. Wateja walilipa, wakapokea uthibitisho, kisha wakaambiwa bei ilikosewa. Walipiga kelele, wengine wakatishia kwenda mahakamani, na Januari 2002 kampuni ikaamua kuwapa kamera kwa bei ile ile. Hakuna hukumu iliyotolewa, lakini si vigumu kuona kwa nini kampuni haikutaka kufika huko. Kamera iliyoshuka hadi chini kidogo ya theluthi ya bei baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka inaweza kuwa ofa. Mashine ya dola 3,854 kuuzwa kwa 66 haiwezi kuwa ofa.

Hukumu ya Singapore haizifungi mahakama za Tanzania wala Kenya, ingawa majaji wetu huzitazama hukumu za nchi zenye sheria ya asili moja. Kipimo chake kinaeleweka hata bila wakili: mtu wa kawaida, akiiona bei ile pamoja na maelezo yote yaliyoizunguka, angeamini ni bei ya kweli?

Tuchukue mfano. Duka moja la Dar es Salaam linauza friji kwa shilingi 1,450,000. Mhudumu anasahau sifuri moja, friji inaonekana kwa shilingi 145,000. Mama mmoja ananunua tatu kwa mkupuo. Hapa hata yeye anajua moyoni kilichotokea, na idadi aliyonunua inamsuta. Anachoweza kutarajia ni pesa yake yote irudi haraka, pamoja na gharama ya usafiri aliyokwisha kulipa. Akidai friji, atapoteza muda wake.

Sasa badilisha tarakimu. Friji ile ile imewekwa kwa shilingi 1,190,000, imeandikwa "Ofa ya wiki," na mama amenunua moja. Duka limethibitisha na kutaja siku ya kuleta. Siku ya tatu anapigiwa simu: "Mama, samahani, bei ile ilikuwa ya zamani. Ongeza laki mbili na sitini tukuletee, au tukurudishie hela yako." Punguzo la kiasi hicho ni la kawaida madukani, na mama hakuwa na sababu ya kushuku chochote. Hapa ana mkataba. Halazimiki kuongeza hata shilingi.

Je, atapewa friji? Mara chache mahakama humlazimisha muuzaji kutoa bidhaa inayopatikana kwingine. Kinachotolewa kwa kawaida ni fidia, ambayo kifungu cha 73 cha sheria hiyo hiyo kinaipima kwa hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba. Kama friji ya aina ile ile kwa duka jingine ni shilingi 1,400,000, hasara ya mama ni tofauti ya shilingi 210,000, juu ya kurudishiwa 1,190,000 yake. Lakini anatakiwa naye kuzuia hasara isikue. Akikaa miezi sita bila kutafuta friji nyingine huku bei zikipanda, hawezi kumbebesha muuzaji ongezeko lote.

Jambo moja halina ubishi katika mifano yote miwili: muuzaji hawezi kubaki na bidhaa na pesa pia. Hata makubaliano yanapokuwa batili, kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa ayarudishe. Unaweza kukataa vocha ya kununulia bidhaa nyingine, maana ulilipa pesa. Malipo ya simu hurudi haraka muuzaji akitaka, wakati ya kadi huweza kuchukua siku kadhaa za kazi. Muuzaji akipiga chenga, waliolipa kwa kadi waiombe benki yao ipinge muamala huo, na wasichelewe, kwa kuwa benki huweka ukomo wa siku.

Unajuaje kama kosa ni la kweli au muuzaji amejuta tu? Kosa la kweli huwa na sura yake: sifuri imeruka, au bei ya chaja imewekwa kwenye simu. Muuzaji hutoa taarifa mapema, hurekebisha tangazo palepale, na hufuta oda za wote. Aliyejuta hutaja kosa baada ya wiki mbili, dola ikishapanda au mzigo ukishakwisha, na tangazo lake bado lina bei ile ile. Kwa hiyo, siku unaponunua, piga skrinishoti ya tangazo likiwa na bei na tarehe, na utunze uthibitisho wa oda na ujumbe wa malipo. Ukifutiwa oda, fungua tangazo tena siku hiyo hiyo, ulipige picha tena.

Kisha andika, usipige simu tu. Taja tarehe, bei, namba ya muamala na unachotaka: bidhaa kwa bei mliyokubaliana, au pesa yako pamoja na tofauti, na umpe siku ya mwisho ya kujibu. Akinyamaza, mnunuzi wa Tanzania Bara anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia pia ulinzi wa mlaji, hasa kama bei ya chini inaonekana kuwa chambo cha kuvutia wateja. Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ina masharti mahususi kwa mauzo ya mtandaoni, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya.

Kabla ya kufika huko, jiulize swali ambalo hakimu atakuuliza: siku ile ulipobonyeza kununua, uliamini hiyo ndiyo bei? Kama jibu ni ndiyo na ushahidi unao, dai haki yako bila aibu. Kama jibu ni hapana, chukua pesa yako uende zako.