Faili Lililoletwa Mara Mbili

Faili la mishahara linalotumwa usiku kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine linaweza kufika mara mbili bila mtu yeyote kukosea. Mtumaji hulipakia kwenye seva, mtandao unakatika kabla hajapata jibu kwamba limepokelewa, naye hulituma tena. Upande wa pili kuna programu inayoamka kila baada ya dakika 5, ikachungulia folda na kuchukua ilichokikuta. Hiyo haina habari na mtandao uliokatika. Faili la pili hulisoma kama jipya, na wafanyakazi 200 wakalipwa mara mbili.

Jina la faili si kitambulisho cha kutegemewa. La kwanza laweza kuwa `malipo.csv` na pacha wake `malipo(1).csv`, na kesho faili jingine kabisa likaja na jina la jana. Kwa hiyo programu hutazama yaliyomo. Hupitisha baiti zote za faili katika hesabu iitwayo SHA-256, ikapata cheksamu: mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha nukta moja tu, mfuatano mzima hubadilika.

```
sha256sum malipo.csv
```

Cheksamu hiyo huandikwa katika jedwali la hifadhidata lisilokubali thamani kujirudia. Jedwali likiikataa, faili limeshawahi kushughulikiwa, na huwekwa kando. Penye mtego ni wakati wa kuandika. Ikiandikwa kwanza, kisha umeme ukakatika kabla ya malipo kuingizwa, faili likiletwa tena litakataliwa na watu hawatalipwa. Malipo yakitangulia, umeme ukikatika kabla ya cheksamu kuandikwa, yatarudiwa. Vyote viwili sharti viingie katika muamala mmoja wa hifadhidata: ama vyote, ama hakuna.

Programu yenye haraka nayo hujiponza. Ikilisoma faili ambalo bado linapakiwa, itapata cheksamu ya nusu, na faili kamili likija litaonekana geni. Dawa yake ni mtumaji kupakia kwa jina la muda, kama `malipo.csv.tmp`, na kulibadilisha upakiaji ukiisha.

Faili tupu lina kituko chake. Cheksamu yake daima huanza na `e3b0c442`, hivyo siku mbili zisizo na malipo huonekana kama faili moja lililorudiwa. Ndiyo maana ni vyema jedwali lilinganishe cheksamu pamoja na tarehe ya malipo.

Kinyume chake pia hutokea. Faili likitengenezwa upya na saa ya kutengenezwa ikaandikwa katika mstari wa kwanza, cheksamu hubadilika ingawa malipo ni yaleyale. Faili la `gzip` nalo huweza kubeba saa ndani yake, ila likibanwa kwa `gzip -n`. Pacha wa namna hii hunaswa tu kila malipo yakiwa na namba yake ya kumbukumbu, nayo ikakaguliwa mstari kwa mstari.