Barua pepe ya kuomba mali kauli: hesabu anayotaka kuiona muuzaji wa jumla

Kila asubuhi maduka ya jumla ya Kariakoo hupokea ujumbe wa aina moja kutoka mikoani: mwenye duka anaomba achukue mzigo leo, alipe baadaye. Wengine hupewa mali kauli, wengine huambiwa "tutawasiliana", na simu haipigwi. Mara nyingi wanaokataliwa si wadaiwa sugu. Barua zao zimemwachia muuzaji maswali ambayo hana muda wa kuyauliza.

Mfano ni mwenye duka la vyakula Morogoro. Huuza sukari na mafuta ya kula kwa wingi, na kila wiki huenda Dar es Salaam na mtaji wa kama shilingi 700,000 kuchukua mzigo mdogo. Anataka achukue mzigo wa karibu mwezi mzima kwa safari moja, ili aokoe gharama za usafiri na asiishiwe bidhaa wateja wakiwa wamejaa dukani. Barua yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Habari bosi. Naomba unisaidie mzigo wa mkopo, hali imekuwa ngumu na ada za watoto zimenibana. Mimi ni mteja wako wa siku nyingi na ni mwaminifu. Nitalipa mwisho wa mwezi mauzo yakienda vizuri. Mungu akubariki."

Barua ina adabu, na huenda kila neno ni la kweli. Tatizo liko upande wa anayeisoma. Tuseme muuzaji wa jumla hupata faida ya shilingi 3 katika kila 100 anayouza. Akimkopesha mtu shilingi 1,800,000 zisirudi, itabidi auze bidhaa za shilingi 60,000,000 ili faida yake izibe pengo hilo. Naye ana mzigo wa kiwandani au wa bandarini wa kulipia. Kwa hiyo anatafuta mambo matatu tu: mzigo huu utauzika kwa siku ngapi, fedha itarudi lini, na kitu gani kinaonyesha kwamba mtu huyu hulipa.

Barua haijibu hata moja. Tena imetaja ada, na hapo muuzaji anaelewa kwamba fedha ya mauzo ya sukari ina mlaji mwingine anayeisubiri. Maneno "mauzo yakienda vizuri" yanamwambia kwamba yakienda vibaya, hasara ni yake.

Kabla ya kuandika upya, mwenye duka alipaswa kufungua daftari la mauzo. Linaonyesha kwamba kwa siku huuza kilo 20 za sukari na lita 10 za mafuta. Kwa bei za mfano huu, mfuko wa sukari wa kilo 50 ni shilingi 120,000 kwa jumla, na dumu la mafuta la lita 20 ni 100,000. Akichukua mifuko 10 na madumu 12, mzigo wote ni shilingi 2,400,000. Kwa kasi yake, sukari itaisha kwa siku 25 na mafuta kwa siku 24.

Rejareja anauza sukari shilingi 2,700 kwa kilo na mafuta 5,700 kwa lita. Kwa wiki, bidhaa hizo mbili zinamwingizia shilingi 777,000. Hapa ndipo ratiba ya malipo inapozaliwa. Akitanguliza 600,000 kutoka kwenye mtaji wake, deni linabaki 1,800,000, na anaweza kulilipa kwa awamu tatu za 600,000 kila wiki. Mauzo yakishuka kwa sehemu moja ya tano, wiki itaingiza kama 621,000, na awamu bado itatoka. Yakishuka kwa robo, haitatoka. Ni vizuri ajue mpaka huo kabla hajaahidi.

Malipo ya kila wiki yana faida nyingine kuliko ya mwisho wa mwezi. Fedha inayokaa dukani siku 30 hupata matumizi: kodi ya pango, msiba, bidhaa nyingine zilizopungua. Ikitoka kila Jumatatu, haipati nafasi ya kupotea. Muuzaji naye anagundua tatizo wiki ya kwanza, deni likiwa bado linadhibitika.

Barua iliyoandikwa upya ilisomeka hivi:

"Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Ninamiliki duka la vyakula Morogoro. Kwa miezi 14 nimenunua kwenu sukari na mafuta kwa fedha taslimu, wastani wa shilingi 2,900,000 kwa mwezi. Risiti za miezi mitatu ya mwisho nimeziambatisha.

Naomba mzigo wa mifuko 10 ya sukari na madumu 12 ya mafuta, jumla shilingi 2,400,000, niuchukue tarehe 2 Februari. Siku hiyo nitalipa 600,000. Salio la 1,800,000 nitalilipa kwa awamu tatu za 600,000, Jumatatu ya tarehe 9, 16 na 23 Februari, kupitia akaunti yenu ya benki.

Kwa wiki bidhaa hizi huniingizia wastani wa shilingi 777,000. Kurasa za daftari la mauzo zimeambatishwa pamoja na leseni ya biashara na namba ya TIN. Nikiona awamu itachelewa, nitawajulisha siku mbili kabla, na sitaomba mzigo mwingine wa mkopo mpaka nimalize.

Tafadhali nijulisheni kama bei ya mkopo inatofautiana na ya taslimu. Niko tayari kusaini makubaliano.

Wenu katika biashara."

Neno "mwaminifu" halimo tena. Risiti za miezi mitatu zimechukua nafasi yake. Kila tarehe inaweza kuandikwa kwenye kalenda ya mhasibu. Swali la bei nalo si la mapambo. Faida ya mzigo huu wote, kabla ya usafiri na pango, ni shilingi 318,000. Muuzaji akiongeza 2,000 kwa kila mfuko na dumu, shilingi 44,000 zinaondoka. Zikizidi gharama za safari anazookoa, ni afadhali aendelee kununua kidogo kidogo kwa taslimu.

Kuandika kwa barua pepe badala ya kuelewana kwa simu kuna uzito pia. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua kumbukumbu za kielektroniki, hivyo ombi na jibu lake vinabaki kuwa ushahidi kwa pande zote mbili.

Ombi zuri bado laweza kupata jibu la nusu. Muuzaji anaweza kusema: "Tunakupa siku 14, si 21." Mwenye duka asikubali kwa haraka kwa sababu ya furaha. Katika siku 14 mauzo ni 1,554,000, na deni la 1,800,000 halitoki humo. Ajibu siku hiyo hiyo kwamba anaomba mzigo upunguzwe hadi shilingi 1,800,000: atatanguliza 600,000 kama alivyosema, na 1,200,000 zilizobaki atazilipa tarehe 9 na 16 Februari. Awamu ya pili ikishaingia benki, anakuwa na risiti mbili za mkopo uliolipwa kwa wakati za kuambatisha kwenye ombi la Machi.