Kwa nini volti hupanda usiku: hesabu ya transfoma yenye mzigo unaochelewa na unaotangulia

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa umeme wamezoea kulalamika volti zinaposhuka. Taa hufifia, jokofu hunguruma bila kupoza na mota ya mashine ya kusaga hupata joto. Lipo hata hivyo tatizo la pili ambalo halizungumzwi sana, nalo ni volti kupanda saa za usiku, wakati mashine zimezimwa na watu wamelala. Balbu huungua kabla ya muda wake na vifaa vya ndani huharibika pasipo radi wala hitilafu inayoonekana kwenye nguzo.

Matatizo hayo mawili yanaweza kutoka katika transfoma moja. Njia ya kuyatambua ni hesabu ambayo fundi anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, nayo hupima ni kwa kiasi gani volti za upande wa kutolea umeme hubadilika transfoma inapotoka katika hali ya kutobeba mzigo hadi kubeba mzigo. Mafundi huiita regulesheni ya volti.

Tuchukue mfano wa transfoma ya kVA 100 inayopokea volti 11,000 na kutoa volti 400 kati ya fezi na fezi, sawa na volti 231 kati ya fezi na nyutro. Imefungwa karibu na kinu cha nafaka, na nyumba za jirani zinapata umeme kutoka transfoma hiyo hiyo.

Vipimo viwili vya kuanzia

Ndani ya transfoma volti hupotea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa nyaya za shaba au alumini zilizozungushwa ndani yake. Ya pili ni usumaku unaovuja, yaani ule usiofika kwenye koili ya pili, nao huleta kizuizi kinachoitwa reaktansi. Thamani zote mbili hupatikana kwa jaribio moja, lile la kufunga nyaya za upande mdogo zikagusana, kisha kupandisha volti za upande mkubwa taratibu mpaka mkondo ufikie kiwango chake kamili.

Kwa transfoma yetu mkondo kamili wa upande mkubwa ni ampea 5.25. Tuseme mkondo huo ulifikiwa kwa volti 440, na mita ya wati ikaonyesha wati 1,750. Volti 440 ni asilimia 4 ya 11,000, na hicho ndicho kizuizi chote cha transfoma, ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye kibao chake. Wati 1,750 ni asilimia 1.75 ya kVA 100, na hiyo ni sehemu ya ukinzani, ambayo tutaiita R. Reaktansi, yaani X, hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras:

```
X = √(4² − 1.75²) = 3.6
```

Izingatiwe kwamba ukinzani wa shaba huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kwa sababu hiyo wati zilizopimwa transfoma ikiwa baridi hurekebishwa hadi joto la nyuzi 75 kabla ya kutumiwa, la sivyo R itaonekana ndogo kuliko ilivyo kazini.

Mzigo unaochelewa

Mota za kinu huhitaji mkondo wa kuzalisha usumaku, na mkondo huo hufika nyuma ya volti. Ndiyo maana mzigo wa mota huitwa mzigo unaochelewa. Kipimo chake ni pawa fakta, yaani uwiano kati ya nguvu inayofanya kazi na nguvu yote inayobebwa na nyaya. Katika hesabu huandikwa cos φ, na mwenzake sin φ hupima ile sehemu ya usumaku. Kanuni yenyewe ni hii, na jibu lake ni asilimia ya volti za bila mzigo:

```
e = R cos φ + X sin φ + (X cos φ − R sin φ)²/200
```

Kinu kikijaza transfoma kwa pawa fakta ya 0.8, sin φ ni 0.6. Ukinzani unachangia 1.75 × 0.8, sawa na 1.40. Reaktansi inachangia 3.6 × 0.6, sawa na 2.16. Kipande cha mwisho ni sahihisho dogo la 0.02 tu. Jumla ni kama asilimia 3.57, hivyo volti 400 zinashuka kwa volti 14 na kubaki 386.

Mchango wa reaktansi, kama inavyoonekana, ni mkubwa kuliko wa ukinzani. Kama mzigo wa kiasi hicho hicho ungekuwa wa pasi na majiko ya umeme, ambayo hayahitaji usumaku, sin φ ingekuwa sifuri na volti zingeshuka kwa asilimia 1.81 pekee. Inatokana na hilo kwamba mizigo miwili yenye ampea sawa haishushi volti sawa.

Mzigo unaotangulia

Kapasita hufanya kinyume cha mota, kwani mkondo wake hutangulia volti. Mwenye kinu akifunga kapasita nyingi kupita kiasi, mzigo wote unaweza kugeuka kuwa wa pawa fakta 0.8 inayotangulia. Kanuni haibadiliki, isipokuwa sin φ sasa ni hasi 0.6. Ukinzani bado unachangia 1.40, lakini reaktansi inaleta hasi 2.16. Tofauti ni hasi 0.76, na sahihisho, ambalo safari hii ni kubwa kidogo, linaifanya kuwa hasi 0.68. Alama ya hasi maana yake volti zimepanda, kutoka 400 hadi karibu 403, ingawa transfoma imebeba mzigo wake wote.

Jambo hili huwashangaza wengi, lakini halina muujiza. Volti zinazojengeka juu ya reaktansi hutangulia mkondo kwa robo ya mzunguko. Mkondo wa kapasita nao umetangulia volti za mzigo kwa robo nyingine. Robo mbili ni nusu ya mzunguko, hivyo volti za reaktansi zinasimama kinyume kabisa na volti za mzigo. Kwa kuwa volti za transfoma ni jumla ya hizo mbili, ile ya mzigo hulazimika kuwa kubwa zaidi ili jumla itimie. Hakuna nishati iliyoongezeka. Wati 1,750 zinaendelea kupotea kama joto.

Mhandisi Gisbert Kapp, aliyefariki mwaka 1922, aliuonyesha uhusiano huu kwa mchoro wa duara mbili ambao hadi leo hufundishwa kwa jina lake.

Makosa ya kawaida katika hesabu hii ni mawili. La kwanza ni kusahau kugeuza alama ya sin φ, kosa linalompa fundi asilimia 3.57 badala ya hasi 0.68. La pili ni kuchanganya msingi wa kugawia. Baadhi ya vitabu hugawa tofauti kwa volti zilizopo wakati wa mzigo, na kwa mfano wa mota jibu huwa 3.70 badala ya 3.57. Yote mawili ni sahihi mradi yasilinganishwe moja kwa jingine.

Mchana na usiku

Turudi kinuni. Mzigo wa kVA 100 kwa pawa fakta ya 0.8 una kW 80 za kazi na kVAr 60 za usumaku. Mwenye kinu akifunga kapasita za kVAr 60, zinatosheleza hitaji lote la usumaku, na transfoma inabaki na kW 80 tu. Mporomoko wa volti unapungua kutoka asilimia 3.57 hadi 1.44. Mchana, basi, kapasita hizo ni za manufaa kwake na kwa jirani zake.

Tatizo linaanza jioni. Mota zinazimwa, lakini kapasita zinaachwa zimeunganishwa. Sasa transfoma imebeba kVAr 60 zinazotangulia na karibu hakuna kingine. Mkondo ni asilimia 60 ya ule kamili, cos φ ni sifuri na sin φ ni hasi 1. Hesabu inatoa 0.6 × 3.6, yaani volti kupanda kwa takriban asilimia 2.15.

Kwa peke yake ongezeko hilo halidhuru. Hata hivyo, mara nyingi huwa limejumlishwa na mengine mawili. Tuseme tepu ya transfoma, ambayo katika transfoma nyingi za usambazaji hurekebishwa kwa hatua za asilimia 2.5, ilikuwa imepandishwa hatua mbili kabla ya kapasita kufungwa, ili kufidia volti za chini za mchana. Volti za bila mzigo sasa ni 420. Tuseme pia kwamba usiku, watumiaji wakiwa wachache, laini ya volti 11,000 yenyewe imepanda kwa asilimia 3. Zinakuwa 433. Ongeza asilimia 2.15 za kapasita, na zinafika 442, ambazo ni volti 255 katika soketi ya nyumbani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 ni volti 230 na nafasi ya asilimia 10 juu au chini, hivyo mwisho wa juu ni volti 253. Mpaka umevukwa.

Namna ya kumtambua mhusika ni kupima volti kwenye transfoma usiku, kapasita zikiwa zimeunganishwa, kisha fundi mwenye idhini azitenganishe na kupima tena. Katika mfano huu volti 255 zitashuka hadi 250. Anguko la karibu asilimia 2 linathibitisha mchango wa kapasita, na kilichobaki juu ya 231 kimetoka kwenye tepu na laini. Tahadhari ni kwamba kapasita hubaki na chaji baada ya kuzimwa, hivyo zisiguswe mpaka zimalize kujitoa na kupimwa.

Dawa yake ni hatua mbili zinazokwenda pamoja. Kapasita ziunganishwe na swichi inayozitoa mota zinapozimwa, na tepu ishushwe hatua moja, umeme ukiwa umekatwa kama aina hiyo ya tepu inavyotaka. Usiku soketi itakuwa na takriban volti 244. Mchana, kinu kikifanya kazi na kapasita zake zikiwa ndani, laini ikiwa katika volti 11,000 zake, itakuwa na 233.

Namba hizo ni za kwenye transfoma yenyewe. Nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu ina mporomoko wake wa njiani, ambao hesabu hii haiugusi. Kwa nyumba hiyo, kipimo cha pili kinapaswa kuchukuliwa mlangoni pake, mchana na usiku, kabla ya tepu kushushwa.