Haki za Mfanyakazi (Sehemu ya Tatu): Barua ya Kukataa Kuachishwa Kazi

Vijana wengi wa Malambo, huku Ngorongoro, wanaajiriwa Karatu: wengine ni askari wa lango, wengine wahudumu wa vyumba na wapishi wa kambi za wageni. Kazi inapokoma ghafla, mtu anakabidhiwa karatasi yenye mistari miwili, anaambiwa arudishe sare, na jioni anatafuta gari la kurudi nyumbani. Wiki mbili zilizopita tuliangalia mkataba, na wiki jana tukaangalia kikao cha nidhamu. Leo tunaingia kwenye barua ambayo mfanyakazi anapaswa kuiandika kabla hajapanda gari hilo.

Tuchukue mfano. Mhudumu wa kambi amefanya kazi miaka minne kamili, analipwa kwa mwezi. Mwanzoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza na wageni wamepungua, anapewa barua isemayo: “Uongozi umeamua kusitisha ajira yako kuanzia leo. Fika ofisini kwa ajili ya stahiki zako.” Hakuna sababu, hakuna kikao kilichotajwa.

Mtu wa kawaida huandika barua ya kuomba radhi, ya kumsihi meneja kwa ajili ya watoto na ada ya shule. Ninaelewa uchungu wake, lakini barua hiyo inamwumiza. Kuomba msamaha bila kuelezwa kosa ni sawa na kukiri kosa ambalo mwajiri mwenyewe bado hajalitaja, na baadaye karatasi hiyo itasomwa mbele ya msuluhishi.

Kinachohitajika kwanza ni kumfanya mwajiri aitaje sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37 kwa namba za sheria ilivyotungwa, inamtaka mwajiri awe na sababu halali inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Kila mojawapo ina njia yake. Akisema ni utovu wa nidhamu, ataulizwa tuhuma iliandikwa lini, mfanyakazi alipewa angalau saa 48 za kujiandaa au la, na kama aliruhusiwa kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akisema ni uwezo mdogo, ataulizwa kama mfanyakazi alionywa, akaelekezwa na kupewa muda wa kujirekebisha. Akisema biashara imeshuka, basi hilo ni punguzo la wafanyakazi, na alipaswa kutoa taarifa ya nia yake mapema, aeleze sababu, na ashauriane juu ya namna ya kuchagua watakaoondoka. Ukimya unamwachia mwajiri nafasi ya kuchagua njia baadaye, baada ya kuonana na wakili. Barua ya mfanyakazi inaiziba nafasi hiyo mapema, kwa sababu jibu lolote litakalotoka sasa litamfunga aliyelitoa.

Mhudumu wetu anaweza kuandika hivi:

“Kwa Meneja. YAH: KUKATAA KUACHISHWA KAZI NA KUOMBA SABABU KWA MAANDISHI. Nimepokea barua yako leo, saa tisa alasiri. Sikubaliani na uamuzi huo. Sikupewa tuhuma yoyote kwa maandishi, sikuitwa kwenye kikao, wala sikushirikishwa katika mashauriano yoyote ya kupunguza wafanyakazi. Naomba unipe kwa maandishi, ndani ya siku saba, sababu za kuniachisha kazi, pamoja na nakala ya tuhuma na kumbukumbu za kikao kama vipo. Niko tayari kuendelea na kazi yangu. Malipo yoyote nitakayoyapokea nayapokea bila kuacha haki yangu ya kupinga uamuzi huu. Niliajiriwa nikiwa Malambo, na naomba hilo lizingatiwe katika kunisafirisha.”

Maneno “niko tayari kuendelea na kazi” yana uzito, kwa kuwa mojawapo ya nafuu ambazo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaweza kuamuru ni kurudishwa kazini. Mwajiri akija kudai kwamba kijana aliondoka mwenyewe, karatasi hiyo itamjibu. Nayo sentensi ya Malambo si mapambo. Sheria inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au amlipe nauli, na ampe posho ya kujikimu kati ya siku ya kuachishwa na siku ya kusafirishwa. Kama mkataba unaonyesha aliajiriwa Karatu mjini, hoja hii haina nguvu, kwa hiyo aangalie mkataba wake kabla ya kuiandika.

Stahiki nyingine asizirundike kwenye barua hii. Inatosha ajue kwamba kwa mtu wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, au malipo badala yake, na kwamba kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka kumi. Kwa miaka yake minne ni siku 28 nyingine. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati kiinua mgongo hicho, na hii ni sababu nyingine ya kung'ang'ania kujua kosa ni lipi. Cheti cha utumishi anastahili vyovyote iwavyo.

Barua ichapwe au iandikwe kwa mkono katika nakala mbili, kwa Kiswahili. Anayepokea aweke jina, saini, tarehe na mhuri kwenye nakala ya mfanyakazi. Wakikataa kupokea, jambo linalotokea sana, aende na shahidi, aandike nyuma ya nakala yake siku, saa na jina la aliyekataa, kisha aitume kwa rejista ya posta na kupiga picha aitume kwa simu ya meneja. Na akiletewa fomu ya kusaini kuwa amelipwa, aisome mpaka chini. Kama imeandikwa kwamba hana dai lingine lolote, aandike juu ya saini yake kuwa amepokea fedha tu na hakubali kuachishwa. Wakimkatalia, asisaini.

Sasa naomba msomaji asikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wamepoteza madai mazuri. Barua hii haisimamishi saa. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kanuni zinataja pia tarehe ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri, lakini anayetaka usalama ahesabu tangu barua ya kwanza. Meneja akisema “subiri mkurugenzi arudi”, mfanyakazi asubiri huku fomu yake ikiwa imeshajazwa. Kutoka Malambo hadi ofisi ya Tume Arusha ni safari ndefu, na masika barabara hukatika. Siku saba zikipita bila jibu, aanze safari. Aliyechelewa anaweza kuomba kibali cha kupokelewa nje ya muda, ila atalazimika kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa, na “nilikuwa nasubiri jibu” ni sababu dhaifu.

Wawili njia hii haiwafai moja kwa moja. Mwenye chini ya miezi sita kazini kwa mwajiri huyo hana dai la kuachishwa isivyo haki, ingawa mshahara na stahiki zake anaweza kuzidai. Na mtumishi wa umma, kama mwalimu au muuguzi wa serikali, anatakiwa kwanza amalize rufaa zilizopo chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma.

Wiki ijayo tutajaza pamoja fomu ya CMA F.1, hasa sehemu ya tarehe mgogoro ulipoanza, ambayo nimeona ikikosewa mara nyingi.