Barua ya Katibu kwa Waumini wa Simuni

Tarehe 6 Julai 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa nyumba za ibada nchini Kenya, zilizofungwa tangu Machi, zingefunguliwa kwa masharti. Waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Sharti hilo la mwisho lilimwongezea kazi katibu wa kanisa. Wazee waliozoea viti vya mbele sasa walihitaji kuabudu kwa simu, na wa kuwaelekeza alikuwa yeye.

Masharti yaliondolewa, lakini barua ya namna hiyo ingali inaandikwa kwa ajili ya wagonjwa, walezi wa wagonjwa na washirika walio ughaibuni. Makatibu wengi hunakili mwaliko unaotolewa na Zoom na kuutupa kwenye kundi la WhatsApp jinsi ulivyo. Mjukuu atauelewa. Nyanya ataona mstari mrefu wa herufi za buluu, asijue kama ni wa kusomwa au wa kubonyezwa.

Barua nzuri humwambia kwanza aweke programu ya Zoom kwenye simu siku moja au mbili kabla, si Jumapili asubuhi kengele ikilia. Kisha inamweleza kuwa kiungo kile cha buluu ni cha kubonyezwa tu. Nywila kwa kawaida imo ndani yake, kwa hiyo mlango hufunguka wenyewe. Kama barua inachapishwa kwenye karatasi, kiungo hakifai, maana herufi moja ikikosewa hakuna kinachofunguka. Hapo katibu aandike tarakimu za Meeting ID na Passcode, akieleza kuwa msomaji afungue Zoom, abonyeze Join, aandike ya kwanza, kisha ya pili atakapoulizwa.

Saa nayo ina mtego wake. Mzee akisoma “saa nne asubuhi” anajua ni lini, lakini simu yake inaonyesha 10:00. Katibu mwangalifu huandika zote mbili. Kwa mwana aliye Dubai huongeza kuwa huko itakuwa 11:00, na kwa aliye London mwezi wa Julai, 8:00.

Malalamiko yanayorudi kila Jumapili ni haya: “Mchungaji namwona, simsikii.” Mara nyingi simu ni nzima. Mtu anapoingia, Zoom inaweza kumuuliza asikie sauti kwa njia gani, na asiyejibu hubaki na picha bubu. Barua imwambie abonyeze Wifi or Cellular Data. Kama swali limeshapita, aguse kioo, vitufe vitokee, kisha abonyeze Join Audio au alama ya sauti iliyo hapo. Simu ikiwa na lugha nyingine, majina ya vitufe yanaweza kubadilika, ndiyo maana picha ya kioo iliyochorewa duara jekundu husaidia kuliko aya nzima ya maelezo.

Na nyimbo je? Hapa wengi hukasirika wakidhani wananyamazishwa. Sauti husafiri kwa kuchelewa kidogo, na kila simu huchelewa kwa kiasi chake. Watu thelathini wakiimba ubeti mmoja pamoja, hutoka vurugu. Kwa hiyo kila mtu abonyeze Mute, aimbe kwa nguvu zote sebuleni kwake, akimfuata kiongozi mmoja. Wakati wa maombi ya washirika ndipo afungue kipaza sauti. Mute isiposhikwa, kanisa zima litasikia jogoo, redio ya jirani na mambo ya nyumbani yasiyohusu mimbari.

Kanisa linalotumia Zoom ya bure lina jambo jingine la kusema mapema: mkutano hukatika baada ya dakika 40. Bila onyo hilo, mzee hudhani bando limeisha na huenda kulala. Katibu aandike waziwazi kuwa ikikatika, kiungo kilekile kibonyezwe tena, na akiambiwa amsubiri mwenyeji, asubiri tu.

Kiungo hicho kisibandikwe hadharani. Mwanzoni mwa 2020 wahuni waliingia mikutano ya watu, ibada zikiwemo, wakionyesha picha chafu, na Aprili mwaka huo Zoom ikafanya nywila na chumba cha kungojea kuwa kawaida. Anayemkaribisha mtu kutoka chumba hicho huangalia jina. Simu iliyojiandikisha kwa jina la kiwandani inaweza kuachwa nje ibada nzima, ilhali mwenye simu ni mzee wa kanisa. Barua iombe kila mtu aandike jina lake halisi anapoingia.

Kwa mwenye bando dogo, YouTube huwa nafuu kanisa likirusha huko. Abonyeze alama ya gurudumu lenye meno, achague ubora wa 144p. Uso wa mchungaji utakuwa na ukungu, lakini mahubiri yatasikika.